Arlette Mbele ya Ukuta wa Buluu

Mimi Rachida, mtu akitikisika mbele ya kamera yangu, nitamwambia, awe mke wa nani. Hapa mjini Kasongo wananijua hivyo, na bado wanakuja. Basi Arlette alipoleta mimba yake ya pili studio, akitaka nimpige picha kila mwezi mpaka azae, nilimwambia mapema kwamba hapa atasimama ninavyotaka mimi.

Picha zilikuwa za kumtumia mumewe, Raphaël, anayechimba dhahabu huko Lusangi. Mtoto wao wa kwanza, Safi, alizaliwa baba akiwa shimoni. Aliporudi, mtoto ameshajua kukaa, na alipombeba alilia kama amebebwa na mwizi. Jambo hilo lilimuuma Raphaël sana. Safari hii aliapa atakuwepo, na huku akingoja, alitaka aone tumbo likikua.

Kukua hakuonekani hivi hivi. Ukimpiga mtu leo karibu, mwezi ujao mbali, utaonyesha miguu yako mwenyewe ilivyotembea, mimba hutaionyesha. Nilipaka alama nyekundu sakafuni: hapa nyayo za Arlette, hapa stendi ya kamera. Urefu wa stendi sikuugusa, wala sikuvuta picha karibu. Alisimama ubavu mbele ya ukuta wa buluu, kidevu sawa, mkono kifuani ili tumbo lionekane lote, na blauzi ileile nyeusi ya kubana. Taa nilizima. Mwanga ulikuwa wa dirisha moja, asubuhi, pazia jeupe limeshushwa. Mbingu zikifunga kwa mvua, nilimrudisha nyumbani aje kesho. Alinung'unika, lakini alikuja.

Asiyependa kabisa alikuwa mama mkwe wake, Mama Léontine. Kwao Kabambare, alisema, mimba haitangazwi. Kila mwezi alimsindikiza Arlette, akakaa mlangoni ametupa mgongo, na hakutazama picha hata moja. Nilimwahidi tu kwamba zinakwenda kwa mwanawe, sitazitundika dukani.

Mwezi wa tisa ukaingia. Raphaël alikuwa amepanga kufika mwisho wa mwezi huo. Arlette akasimama, nikapiga, nikalinganisha na picha iliyopita. Nikakasirika, maana tumbo halikuwa mahali pake. Juu, chini ya matiti, palibaki nafasi, na chini lilining'inia. Nikamwambia amekunja mgongo. Akasema hakukunja. Nikapiga tena, nikamkaripia mpaka machozi yakamlenga, na hapo niliona haya.

Ndipo nikatazama vizuri. Kidevu kilikuwa palepale penye ufa wa ukuta. Kiwiko palepale. Visigino kwenye rangi, na kivuli kilikuwa kilekile. Kila kitu kilitulia isipokuwa tumbo.

Woga ulinishika. Nilidhani mtoto amepungua, na sikujua nitamwambiaje Arlette. Nikambebea Mama Léontine kamera pale mlangoni, nikitegemea matusi. Alifuta mikono kwenye kitenge, akatazama picha ya kwanza, akatazama ya pili, akarudia.

"Mutoto ameshuka," akasema. "Wa kwanza anaweza kushuka na akakawia. Wa pili akishuka hivi, iko njiani. Muite Raphaël leo."

Nilizituma picha zote mbili, na neno moja: njoo. Kule kwenye mashimo mtandao unashikika mlimani tu, na ujumbe ulikaa na alama moja mpaka nikachoka kuutazama. Tulimpeleka Arlette kwa mkunga. Alimpapasa, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema kichwa kimeshuka vizuri na mtoto ana nguvu, ila wasikae mbali na maternite, nyumba ya kuzalia. Nilirudi studio nikiimba peke yangu. Jioni alama ya pili ikatokea: ujumbe umefika.

Kesho yake uchungu ulimshika Arlette asubuhi. Mama Léontine aliingia naye ndani ya maternite, mimi nikabaki barazani nikiihesabia njia ya Lusangi matope yake yote, na kila pikipiki iliyopita nilisimama. Moja ikakata kona mbele ya lango. Aliyeshuka alikuwa na tope mpaka masikioni.

"Amezaa?" akaniuliza Raphaël.

Nikamwambia bado. Akakaa chini palepale, akicheka na kulia pamoja, na mimi nikamlilia kwenye bega lake lenye tope, mtu ambaye sikuwahi hata kumpa mkono. Alikuwa hajapata pumzi vizuri tuliposikia sauti kutoka ndani, nyembamba na yenye hasira.

Mama Léontine alitoka baadaye amemfunga mtoto kitenge. Alimkuta mwanawe ananawa mikono kwenye ndoo, akangoja amalize.

"Shika, baba," akamwambia. "Huyu amekukuta."