Suruali ya Aliyeshika Mkia

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, sebule ya mama mkubwa huacha kuwa mahali pa kukaa binadamu. Viti huhamishiwa uani. Sketi hulala kwenye kochi, sweta hupanda hadi dirishani, na vitabu hupangwa mezani darasa kwa darasa. Ukitaka kunywa chai, unakunywa umesimama, na kikombe unakishika mbali na mashati meupe.

Kazi yake ni hii. Muhula ukiisha, anapita kwa familia ambazo watoto wao wamerefuka au wamemaliza shule, ananunua walivyoacha. Anafua, anatia shati buluu ya kufulia, anafumua pindo la sketi na kusugua kwa siki ule mstari wa pindo la zamani. Vitabu anavifuta maandishi ya penseli, anagundisha migongo, na anatazama toleo, kwa sababu mtaala ukibadilika kitabu kinabaki cha kufungia vitumbua. Halafu familia nyingine zinakuja kununua, kwa kuwa mpya dukani hazishikiki.

Ana sheria moja tu: mteja hadanganywi. Kiraka anakuonyesha kabla hujakiona. Ukimuuliza nguo ilikuwa ya nani, anakwambia.

Mimi, niliyekuwa likizo kutoka bweni, nilikabidhiwa wembe nifumue namba za wanafunzi zilizoshonwa kwenye kola. Nilizifumua zote isipokuwa moja. Ilikuwa namba ya Kipanga, yule aliyeongoza shule nzima, namba ambayo kila mzazi aliisoma juu kabisa ya ubao wa matokeo, na niliona si haki kuifuta historia kwa wembe wa kunyolea ndevu. Pia nilitaka kuona kitakachotokea.

Kilitokea saa hiyo hiyo. Mwanamke mmoja mnene, tuliyezoea kumwita Mama Pacha, aligeuza kola, akaisoma namba, akapiga yowe.

"Hili sweta la Kipanga?"

"La kwake," alisema mama mkubwa. "Ila kiwiko kimeparuka kidogo, tazama hapa."

"Kiwiko cha nini, shoga! Nifungie!"

"Pacha wako wawili. Na sweta lenyewe kubwa kwao wote."

"Watapokezana. Mmoja asubuhi, mmoja mchana. Akili haina saizi."

Akaondoka amelikumbatia kama mtoto mchanga. Jioni foleni ilifika barabarani, na hakuna aliyeuliza tena saizi. Waliuliza nafasi.

"Sketi hii, mwenyewe alikuwa wa ngapi?"

"Wa thelathini na kitu," alijibu mama mkubwa, maana ndiyo sheria yake.

"Mungu aniepushe." Sketi ikarushwa kochini kama imeficha nge.

Nguo za walioongoza darasani zikaisha mara moja. Zikabaki nguo za watoto wa kawaida, yaani karibu zote. Shati zuri kabisa lilikataliwa kwa kosa la kupata sifuri ya kemia. Baba mmoja alinusa kaptura, akadai inanuka hesabu za kukisia.

"Ungewadanganya tu, mama," nilimshauri.

"Nikidanganya leo, muhula ujao nitamwambia nini mtu? Wewe nyamaza, na huo wembe nipe."

Alikaa juu ya ndoo, akaitazama sebule. Akiba yake yote ilikuwa imekunjwa mle ndani. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na baada ya Jumatatu hakuna anayenunua sare mpaka muhula mwingine. Na za muhula mwingine angenunua kwa fedha gani?

Jumamosi akaja Kinyozi na mwanawe Mlingoti. Mtoto huyu alirefuka likizoni mpaka suruali yake ikawa inakaribia magoti, na mwalimu wa zamu getini huwarudisha nyumbani wenye suruali za namna hiyo. Dukani hawakuwa na urefu wake. Mama mkubwa alikuwa na suruali ya urefu huo, moja tu. Mlingoti aliivaa, ikamkaa kama aliyezaliwa nayo.

"Ilikuwa ya nani?" akauliza Kinyozi.

Niliomba dua. Mama mkubwa akavuta pumzi.

"Ya Mkia."

Wanawake waliokuwa wakipekua nguo wakarudi nyuma hatua moja. Mkia alipata jina hilo kwa kushika mkia tangu kidato cha kwanza, bila kukosa hata mtihani mmoja.

"Vua," Kinyozi alimwambia mwanawe.

"Lakini baba, imenitosha!"

"Vua, nimesema! Bora urudishwe getini ukiwa na akili zako."

"Baba Mlingoti," alisema mama mkubwa, "mtoto atakaa nyumbani muhula mzima kwa ajili ya suruali?"

"Dada yangu, mimi nanyoa vichwa. Najua vinavyoharibika."

Wanawake wakaitikia. Hapo mama mkubwa alikasirika, na akikasirika husema kweli zaidi ya alivyoulizwa.

"Nyie mnadhani nguo zangu zina mwenyewe mmoja? Lile sweta la Kipanga mnalolililia, Kipanga alilinunua hapa hapa! Na mimi nililinunua kwa nani? Kwa mama yake Mkia! Mkia alilivaa kidato cha kwanza, likambana, Kipanga akalichukua."

Ungeweza kuwasikia wakifikiri.

"Kwa hiyo," alisema mmoja polepole, "Mkia hakuzitumia akili zake."

"Zikabaki kwenye sweta," akasema mwingine.

"Kipanga akazikuta nzima!"

Kinyozi aliinyakua suruali miguuni pa mwanawe kabla haijagusa sakafu. "Vaa! Vaa haraka, wasikuone!"

Nawaapia, sijawahi kuona watu wakigombania sifuri. Ile sketi ya thelathini na kitu ilivutwa na akina mama watatu. Mwingine alilalamika kauziwa kitabu cha mtoto mwenye wastani mzuri. Mama Pacha akarudi mbio na sweta lake, analia: "Hili limeshatumika! Nipe ambalo bado!"

Katikati ya vurugu hiyo akaingia Mkia mwenyewe.

Wakampisha. Mtu akamletea kiti kutoka uani. Alikaa kwa woga, kwani hakuwahi kupokewa hivyo popote.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuikomboa suruali yangu. Nilijua nimemaliza, kumbe narudia kidato."

Kinyozi akasimama mbele ya mwanawe, mikono ameipanua. "Narudia, amesema! Mmesikia? Haitoki suruali hapa mpaka mnizike!"

"Tulieni," alisema mama mkubwa. "Njoo nikupime, mwanangu."

Alimpima kiunoni mpaka kisigino, akatikisa kichwa. Mkia naye alikuwa amerefuka, na pindo la ile suruali lilikuwa limeshashushwa lote. Ikabaki kwa Mlingoti, aliyetolewa nje na baba yake kwa haraka ya wezi.

Sebuleni palibaki suruali mbili tu, fupi, zilizorudishwa na wanunuzi wake kama lile sweta, ambazo sasa hakuna aliyetaka hata kuzigusa. Mama mkubwa alizipima kwa Mkia, akaikata moja miguu, akaiunga chini ya nyingine, akaupiga pasi mshono mpaka ukajificha ndani ya pindo. Mkia akavaa. Ilifika viatuni.

"Zilikuwa za nani, mama?"

"Ya juu ya wa pili. Ya chini ya wa tatu."

Mkia aliitazama miguu yake kwa wasiwasi mkubwa. Akatembea hadi mlangoni, akarudi.

"Sasa mama, nikifaulu je?"

"Utaileta hapa," alisema mama mkubwa, akitia uzi mdomoni. "Nitaifumua."