Kipande cha Mtwapa

Mwanakuu hakuwahi kuogopa kompyuta mpaka siku alipoiomba imsaidie kumwoza mwanawe.

Mwaka ule wa tisini na nane, Hussam alikuwa dereva wa kampuni ya kutembeza wageni yenye ofisi Tudor, na posa yake ilikuwa mikononi mwa Abdulghafur, muuza manukato wa Mji wa Kale, babake Shifa. Alhamisi, baada ya alasiri, wazee walikusanyika kumsikiliza mposaji, na mposaji hakuonekana. Akaja baada ya isha, mikono imejaa grisi, akasema gari lilimharibikia akitoka Malindi. Abdulghafur alimtazama kama anavyotazama marashi yaliyotiwa maji.

"Nasikia gari zenu zina chombo kinachoandika njia," akasema. "Niletee Alhamisi yako. Nikiiona safi, Shifa ni wako. Nikiiona ina doa, tutaamkuana msikitini, basi."

Jumamosi Mwanakuu akamfuata mwanawe mpaka Tudor, akavuta kiti karibu na Kenga, Mgiriama mpole aliyesimamia kompyuta ya ofisi. Chombo chenyewe, kidogo kama redio ya mfukoni, kilikuwa kimeungwa kwa waya, na safari nzima ya siku tatu ilikuwa imeshashuka kwenye skrini: tarakimu juu ya tarakimu, kila mstari nukta moja, na mahali pake, tarehe yake na saa yake.

"Mkubwa amekubali itoke siku moja tu," Kenga akaeleza. "Zilizobaki wageni wameomba zifutwe kabisa. Hawataki ijulikane walilala wapi."

"Kwani walilala wapi?" Mwanakuu akauliza.

"Mama," akasema Hussam.

"Natafuta mstari wa kwanza wa Alhamisi na wa mwisho," Kenga akaendelea. "Ya kabla nafuta, ya baada nafuta. Ila saa hizi ni za Grinichi, kule Uingereza, ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Usiku wetu wa manane hapa umeandikwa saa ishirini na moja ya Jumatano. Naanzia hapo."

"Usiku wa manane wa nini, mwanangu? Alhamisi yaanza Jumatano jua likitua."

Kenga akamtazama Hussam. Hussam akatazama feni ya darini.

"Fanya asemavyo," akasema Hussam. "Mzee Abdulghafur naye ahesabu vivyo hivyo."

Kenga akahesabu upya. Magharibi, saa kumi na nane, ondoa tatu: akapanda mpaka saa kumi na tano ya Jumatano, akakata, akateremka mpaka saa kumi na tano ya Alhamisi, akakata. Ikabaki siku iliyoanzia gari likiingia Malindi na kuishia katikati ya daraja la Nyali.

"Lakini hapa hajafika nyumbani," Kenga akasema.

"Magharibi ilimkuta darajani. Kufika ni mambo ya Ijumaa. Hayo hakuulizwa."

Kenga akaihifadhi siku ile kwa jina jipya, akaifuta safari kubwa kama wageni walivyotaka. Halafu akaitandaza siku juu ya ramani. Ulitokea mstari mwekundu ukishuka kusini na barabara, mzuri, mnyoofu, mpaka Mtwapa. Pale ukajiviringisha kama kiota cha kunguru.

"Na huu uchafu?" Mwanakuu akauliza.

"Ndipo gari lilipoharibika," Hussam akasema. "Mkanda wa feni ulikatika. Nilikaa kwa fundi mchana kutwa, mkanda watafutwa."

"Gari limesimama, mbona mstari wacheza chakacha?"

"Ni setilaiti zinazokipimia chombo mahali, mama," Kenga akasema. "Waamerika huzipotosha makusudi, nukta ikaweza kuruka hata mita mia. Gari halikusogea, lakini nukta zinatangatanga."

Mwanakuu akaweka kidole kwenye skrini. "Hii imetangatanga wapi?"

Hussam akachungulia. "Baa."

"Na hii?"

"Baa. Upande wa jikoni."

"Na wewe?"

"Ng'ambo ya barabara, kwa fundi. Wallahi."

Mwanakuu alimwamini. Hilo ndilo la kusikitisha. Mwanawe alikuwa mkweli, na ukweli ule ungeweza kupelekwa kwa Abdulghafur kama ulivyo, na fundi akaitwa ashuhudie. Lakini moyo wa mama ukishaona baa, hauoni tena fundi.

"Waamerika wamekutia baa, na mkweo hawezi kuwaita Waamerika awaulize," akasema. "Kenga, toa Mtwapa."

"Mama, hilo si zuri."

"Toa. Na barabara ya kuiendea toa, asije akaona mwenda akauliza alikokwenda. Futa kuanzia hapo atokapo Malindi mpaka darajani."

"Programu haijui kama pana shimo. Nukta zilizobaki itaziunga kwa mstari."

"Iunge. Si ndiyo kazi yake?"

Kompyuta ikauliza kama siku hii mpya iifute ile iliyopo. Kidole cha Kenga kikasita.

"Mwambie ndiyo," akasema Mwanakuu. "Nguo chafu haziwekwi kabatini."

Chombo nacho kilipanguswa kumbukumbu jioni ile ile, kikapelekwa Tsavo na wageni wengine.

Jumapili Abdulghafur alivaa miwani, akaikunjua karatasi ya ramani iliyochapwa Tudor juu ya meza ya chupa zake. Mwanakuu na Hussam wakangoja. Nyuma ya pazia Shifa naye alingoja. Miguu yake ilionekana.

"Kaishia darajani," mzee akasema.

"Magharibi, bwana," akajibu Mwanakuu.

"Naam. Sawa." Kidole kikapanda kuelekea Malindi, kikasimama. "Lakini hapa mwanao amepita baharini."

Mwanakuu akainama kutazama. Mstari ulitoka Malindi umenyooka kama uzi wa seremala, ukaikata bahari nje ya Watamu, ukaipita Kilifi kwa mbali, ukarudi nchi kavu kwa raha zake.

"Tena pole pole," Abdulghafur akaendelea, akisoma tarakimu zilizochapwa chini. "Ametoka asubuhi, amefika magharibi. Kilomita kumi na moja kwa saa. Mkokoteni wampita. Gari likienda juu ya maji kwa mwendo wa maarusi, Bi Mwanakuu, huwa limesindikizwa. Kijana huyu ana mke jini."

"Ni mimi niliyekata," Mwanakuu akasema. "Alikuwa Mtwapa kwa fundi, nikakiondoa kipande."

"Mama yeyote angesema hivyo. Kilete hicho kipande."

Kipande hakikuwepo tena duniani.

"Basi muulize fundi," Hussam akasema.

"Fundi atasema alikuona. Majini huonekana popote." Mzee akamgeukia kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, ungekuwa baa ningekusema, ukatubu, tukamaliza. Lakini Shifa kuwa mke mwenza wa jini, hapana."

"Baba," sauti ikatoka paziani, "mimi ningekubali, mradi huyo mwenzangu abaki huko huko majini."

"Nyamaza. Atampa jini talaka kwanza."

Hussam akamtazama mamake. Mwanakuu akatazama sakafu. Wakashuka hadi bandari ya zamani na mashahidi wawili, na Hussam, ambaye hakuwahi kushika hata mkono wa mwanamke, akaielekea bahari akampa talaka mke asiyekuwa naye. Mashahidi wakampa pole.

"Sasa eda," akasema Abdulghafur. "Hesabu ya majini hatuijui, tushike miezi mitatu ya kwetu. Na matumizi ya mtalaka ni haki yake. Halwa, kila Alhamisi."

Kwa hivyo kila Jumatano jua likitua, ndiyo Alhamisi hiyo, Mwanakuu alishuka ngazi za bandari na sahani ya halwa, akaimwaga majini kipande kwa kipande, huku Shifa na Hussam wakingoja eda iishe. Jioni moja jirani aliyekuwa akipita alisimama kumwamkua.

"Masalkheri, Bi Mwanakuu. Mkazamwanao wa humo majini hajambo?"

Mwanakuu akataka kusema hakuna mkazamwana, pana fundi, pana mkanda wa feni. Akakumbuka mahali hayo yote yalipokwenda.

"Hajambo," akasema, akakung'uta sahani. "Akusalimu."