Maji ya Rufaeli

Mimi Hadgu nina maksai mmoja. Letay, mjane jirani yangu, naye ana mmoja. Maksai mmoja halimi, kwa hiyo kila mwaka tunawafunga nira moja: leo shamba lake, kesho langu. Letay akiuza wake, wangu anabaki mlaji tu.

Na mwaka ule Letay alikuwa karibu kuuza. Mvua za mwisho zilitutupa mkono, teff, nafaka yetu ya chakula, ikasinyaa ikichanua, na mchuuzi wa ng'ombe akaanza kupita mlangoni kwake na salamu nyingi. Tumaini lake lilikuwa bima ya ukame. Alikuwa ameilipia kwa mikono yake badala ya fedha, siku kadhaa za kupanga mawe ya matuta mlimani. Masharti yalikuwa mepesi. Katika mwezi wa mwisho wa masika yetu, mvua ikifika milimita hamsini, hakuna malipo. Ikipungua hapo, malipo yanaanza, na yanakua kadiri mvua inavyopungua, na ikishuka hadi ishirini unalipwa yote. Shamba lako halikaguliwi na mtu. Mvua tu.

Mimi ndiye niliyekuwa nasoma kipima mvua cha watu wa bima, pale uani mwa shule. Tulifundishwa: andika ulichokikuta, usiongeze, usipunguze. Nilijisikia mtu mkubwa kweli.

Kufikia sikukuu ya Malaika Rufaeli kulikuwa na milimita thelathini na saba. Mvua ya siku hiyo kwetu ni maji matakatifu, watoto hutoka uchi kuoga. Watoto walitoka, wakangoja, wakarudi na vumbi lao. Keshi Atsbeha, padri wetu, roho ikamuuma. Akaja na kikombe cha maji ya baraka, akakiombea kipima mvua na kumimina yote ndani, ili mbingu zione mfano.

Mdomo wa kile kifaa ni mdogo. Kikombe kimoja tu kikasomeka milimita kumi na sita. Jumla hamsini na tatu, juu ya ile hamsini ya bima.

"Mwaga!" Letay aliniambia. "Kijiji kizima kimemwona."

"Nimekatazwa kupunguza, mama."

"Basi andika vizuri, wewe mwanamume! Andika tumelowa! Teff yangu imekauka, wewe unaniletea mvua ya kikombe!"

"Mwanangu, nilitaka kusaidia," Keshi alisema, amejikunyata ndani ya shuka lake.

"Umesaidia, Baba," Letay alimjibu. "Umemsaidia mchuuzi."

Mkono wangu ulikwenda kwenye kile kifaa, sikatai. Nilimfikiria Letay, na nikamfikiria maksai wangu, labda yeye zaidi. Kisha nikaandika kumi na sita, na pembeni: si mvua, ni maji ya baraka, kikombe kimoja, mwenye kumimina Keshi Atsbeha. Letay akaacha kunisalimia. Mwezi ukaisha bila tone jingine. Nilipopita kwake aliingia ndani, na suwa yake, pombe tamu kuliko zote kijijini, nikawa naisikia harufu tu. Iliniuma.

Baada ya wiki kadhaa akaja Semhal, binti wa bima, na karatasi zake. Tulikusanyika shuleni. Mchuuzi naye akaja, hana haya. Nikampa Semhal daftari kama mtu anayekabidhi kesi yake mwenyewe. Alisoma, akafika kwenye kikombe, akacheka mpaka akakaa chini.

"Nani aliwaambia malipo yanatoka kwenye kichupa hiki?"

Akafuta machozi ya kicheko, akaendelea.

"Malipo ni ya setilaiti. Iko huko juu, inaangalia eneo lote. Hiki ni cha kulinganisha tu, tujue inakosea kiasi gani. Si niliwaeleza siku ya mafunzo?"

"Siku ile tulichinja kondoo," nilisema. "Maelezo yalikuja wakati wa nyama."

Setilaiti ilisoma thelathini na nne. Malipo zaidi kidogo ya nusu. Si utajiri, ila kwa Letay ilitosha nafaka na mbegu bila kugusa zizi. Mchuuzi akaondoka bila kuaga.

"Thelathini na saba yako, thelathini na nne yetu," Semhal alisema, akiligusa daftari. "Na huu mstari wa kikombe ndio unaofanya niyaamini mengine yote."

Keshi akauliza polepole kama padri naye anaruhusiwa kujiunga. Aliambiwa ndiyo, akapange mawe kama wengine.

Asubuhi ya kulima nilitoka na maksai wangu, sijui kama nitampata mwenzake. Letay alikuwa tayari shambani kwangu, si kwake, amemshika wake kamba, na kibuyu cha suwa miguuni.

"Tuanze na lako," alisema. "Na wangu umfunge kulia. Huyo wako mvivu kama bwana wake."

Nikamfunga kulia.