Kopo la Gramu Mia Nne Sabini

Kosa nililifanya mimi, na nitalisema mwenyewe kabla watu hawajanisemea, maana hapa kijijini midomo haina mlango.

Naitwa Swaumu, ila wote huniita Mama Akida. Nilitoka Kambarage, Shinyanga mjini, nikafungua kibanda cha kununua dhahabu huku, nusu saa kwa bodaboda kutoka Kharumwa. Mwaka wa kumi na sita huu. Nina mizani mbili: ndogo ya dhahabu, na nyingine ya kilo mbili ambayo napimia kila kitu, hata dagaa. Mtu akiniletea kipande ninachokitilia shaka, nakipima kikavu, halafu nakitumbukiza kwenye glasi ya maji nijue kimechukua nafasi kiasi gani. Dhahabu safi ni gramu kumi na tisa na ushei kwa kila sentimita moja ya ujazo. Shaba haifiki tisa. Hapo ubishi unakwisha na mwongo anachukua kofia yake anaondoka. Sasa niambie, mtu anayefanya kazi hiyo kila siku anakosaje jambo la maji? Nilikosa, tena mbele ya kadamnasi.

Kamili alikuwa katibu wa kikundi cha kina mama wanaoosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza. Mwanamume wa miaka thelathini na tatu, mpole, hajaoa, anaishi na mama yake, Sesilia. Kina mama walimchagua kwa sababu hanywi. Jumapili walileta dhahabu yao kwangu niipime, ikatoka gramu mia tatu themanini na sita. Mwenyekiti wao, Dorika, akaifunga kwenye kipande cha kanga isigongegonge, akaitia kwenye kopo la plastiki la siagi ya karanga, akakaza mfuniko na kuuzungushia utepe. Wakairudisha kwao walale nayo, kwani walitaka kwanza wakubaliane wote kama wauze au wangoje.

Jumatatu wakakubaliana kuuza. Kamili akachukua kopo aniletee.

Kati ya kwao na kwangu kuna lambo, bwawa la kunyweshea mifugo. Kiangazi unalizunguka kwa miguu, lakini mvua za mwaka huu zimelitanua hata njia imemezwa, kwa hiyo watu huvuka kwa chelezo cha mapipa manne, mtu anajivuta kwa kamba. Kamili alipofika katikati kamba ilikatika, upepo ukakigeuza chelezo, yeye na baiskeli yake na kopo wakaingia majini. Aliokolewa na wachunga ng'ombe akiwa amekunywa maji ya kutosha. Alipopata pumzi walimuuliza kopo liko wapi. Akasema hajui, liliponyoka mkononi, hakuliona tena.

Basi wakazama kulitafuta. Siku tatu, vijana wanane, wanapapasa tope kwa mikono pale chelezo kilipopindukia. Walitoa baiskeli. Walitoa sufuria mbili na mnyororo wa ng'ombe. Kopo hakuna.

Alhamisi sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaitisha mkutano. Kamanda wao ni Magesa, mtu mzito wa kusema na mwepesi wa kuhukumu. Akasimama akauliza kama kuna mtu yeyote anayeijua dhahabu kuliko Mama Akida. Wote wakanigeukia. Akaniuliza, "Mama, hii kitu inaweza kwenda na maji?"

Nami, kwa kiherehere changu, nikajibu, "Dhahabu haielei. Miaka kumi na sita sijaiona ikielea. Kwenye karai mchanga wote unakwenda na maji, yenyewe inabaki chini."

"Kwa hiyo kama haipo chini?"

"Kama haipo chini," nikasema, "basi haikuingia majini."

Watu wakaguna. Mimi nikakaa nikijiona msomi.

Hukumu ilitoka pale pale. Kamili aondoke kijijini kabla jua halijazama, na mama yake atengwe mpaka dhahabu ionekane. Ukitengwa hapa hakuna anayekusalimu, hakuna anayekuuzia chumvi, hupewi hata kijinga cha moto. Mama wa watu ana miaka sitini na nane. Kamili akachukua begi lake, akapanda pikipiki kwenda Runzewe kwa mjomba wake. Wengine walimzomea. Mimi sikuzomea, lakini sikusema neno pia, na hiyo si sifa.

Ijumaa asubuhi Sesilia akaja kibandani kwangu.

Nilimwona tangu mbali nikaomba apite. Hakupita. Aliingia, akaweka kopo juu ya meza. Lile lile la siagi ya karanga, tupu, lenye mfuniko wa bluu.

"Yalinunuliwa mawili siku moja," akasema. "Hili nililifanya la chumvi. Nipimie."

"Mayu," nikamwambia, kama wamwitavyo mama huku, "unajua sitakiwi kuongea na wewe."

"Usiongee. Pima."

Nilikasirika, kusema kweli. Nilikasirika kwa sababu nilijua nina haya. Nikamwuliza kwa ukali anataka nipime nini, plastiki?

Akasema, "Mwanangu kabla hajaondoka alinishika mkono akaniambia, mama, nilipolishikilia kopo lile majini halikuwa linanivuta chini. Lilikuwa linapanda. Mimi sijasoma. Wewe ndiye mwenye mizani."

Lilikuwa linapanda. Neno lile lilinikaa kifuani. Mkutanoni hakuna aliyempa nafasi ya kulisema, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kufunga mjadala.

Nikaliweka kopo kwenye mizani kubwa. Pamoja na mfuniko, gramu sabini. Dhahabu, mia tatu themanini na sita. Kipande cha kanga kama kile, gramu kumi na nne. Jumla mia nne sabini.

Halafu ujazo. Nikaweka ndoo ndani ya beseni kavu, nikaijaza maji mpaka mdomoni, nikalifunga kopo na kulisukuma chini kwa ncha za vidole mpaka likamezwa lote. Yaliyomwagika kwenye beseni nikayapima: gramu elfu moja na themanini. Gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo hiyo ndiyo nafasi ambayo kopo linaichukua. Maji yaliyosukumwa yana uzito wa elfu moja na themanini, na kopo zima na mzigo wake mia nne sabini. Hata nusu haifiki.

Nikaketi kwenye kigoda.

"Lilizama?" Sesilia akauliza.

"Astaghfirullah," nikasema. "Halikuzama, mayu. Ili lizame ingetakiwa dhahabu karibu kilo nzima."

Nilikuwa nimeipima dhahabu na kulisahau kopo. Dhahabu peke yake ni nzito kuliko maji mara kumi na tisa, sawa, itupe lamboni haina safari ila chini. Lakini ukiifungia pamoja na hewa ndani ya kopo, maji hayajui kama kuna dhahabu humo. Yanajua kitu kimoja chenye uzito wake na ukubwa wake, basi. Wachimbaji wote tuliokaa pale mkutanoni, watu wa karai na maji tangu utoto, hakuna aliyewaza hivyo, maana sisi tumeizoea dhahabu ikiwa uchi.

Nikafunga kibanda. Nikabeba ndoo na kopo, nikaenda moja kwa moja kwa Magesa, Sesilia nyuma yangu. Watu walitutazama kama tumeleta kipindupindu.

Nilimweleza Magesa. Hakuelewa, au hakutaka. "Mama Akida, jana umesema hivi, leo unasema vile."

"Jana nilisema upuuzi. Leta mawe."

Akaleta kokoto. Nikazipima mpaka zikafika mia tatu themanini na sita, nikazifunga kwenye kanga, nikazitia kwenye kopo, nikafunga. Nikaliweka ndooni. Likasimama wima, zaidi ya nusu liko nje. Magesa akalisukuma kwa kidole likaibuka. Akalisukuma tena kwa kiganja, kwa hasira kidogo, likaibuka tena.

"Na kama liliingiza maji?" akauliza. Swali zuri, sikumnyima.

"Likijaa maji linazama, hapo umesema kweli. Lakini Dorika alilizungushia utepe, na mdomo wake unakaa juu ya maji. Tulitafute kwanza huko kunakoelea vitu."

Upepo wa hapa mchana hutoka mashariki. Upande wa magharibi wa lambo ni matete matupu, hakuna anayekwenda kwa sababu ya nyoka. Wale vijana wanane walikwenda na mapanga na kelele nyingi. Saa tisa alasiri mmoja akapiga yowe. Kopo lilikuwa limesimama katikati ya matete pamoja na ndala moja na chupa za soda, utepe wake mzima, ndani kukavu.

Dorika alilia. Kina mama wakapiga vigelegele, wakalibusu kopo, wakalizungusha mkono kwa mkono. Sesilia hakuligusa. Alimwambia Magesa tu, "Mpigie mwanangu."

Kamili alifika Jumamosi mchana. Kijiji kizima kilikuwa kwangu. Nikapima mbele ya wote: mia tatu themanini na sita, haikupungua hata nukta. Magesa akasimama, akavua kofia, akamwomba radhi kwa niaba ya jeshi lake, akasema kutengwa kumefutwa na atapewa mbuzi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamwendea Kamili nikamwambia wazi kwamba ulimi wangu ndio uliomfukuza, na kwamba naona aibu.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Mama Akida," akasema, "kama kina mama wangepata kilo na nusu, kopo lingeelea?"

"Lisingeelea."

"Lingekwenda wapi?"

"Chini, kwenye tope."

"Tope la pale lina kina gani?"

Nikamtazama Magesa. Magesa akasema lile tope mtu anazama mpaka kiunoni, na wengine hawakufika mwisho wake.

"Basi wasingelipata," Kamili akasema.

"Pengine wasingelipata."

"Na mimi ningekuwa mwizi."

Makofi yalikuwa yamekoma zamani.

Kamili akamgeukia Dorika, akamkabidhi daftari la kikundi. Kisha akaenda nyumbani kwao, akafunga godoro la mama yake kwa kamba, akafunga na sufuria zake mbili. Sesilia alikuwa amekwisha kuvaa viatu.