Mapipa Yaliyojazwa Pomoni

Odile alijua kuna msiba kabla hajamaliza kushuka ngazi za ghala lake la siki. Ghala halikunuka. Kwa miaka arobaini, kila aliposhuka humo siki ilimpiga puani mpaka macho yakamlenga machozi. Leo, wiki tatu tangu alazwe hospitali ya Orléans kubadilishiwa nyonga, pua yake haikupata kitu ila harufu ya divai.

"Gaëtan," aliita, ameshika mkongojo kwa mikono miwili. "Umefanya nini humu?"

Mkwe wake alikuwa nyuma yake, tabasamu mpaka masikioni. Kwao Vouvray ni watu wa divai, na mtu wa divai anafundishwa tangu utotoni kwamba hewa ni adui: pipa lijae, kizibo kigongwe, basi.

"Nimekusaidia, Mama. Mapipa yote manane yalikuwa na nafasi tupu juu, halafu matundu wazi! Babu yangu angenichapa. Siku ileile uliyoondoka nikayajaza pomoni, nikayaziba."

"Uliijazaje hiyo divai? Kwa bomba lile refu linalofika chini?"

"Bomba la nini? Nilimimina tu kutokea juu."

Odile akakaa kwenye ngazi. Alimwamuru ang'oe kizibo cha pipa la kwanza, avute divai ya juu, kisha apekue chini kwa kulabu. Kilichotoka kilikuwa kipande kinene, laini, cha rangi ya kijivu, kikaning'inia kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Pipa la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Alipofika la nne Odile alisema inatosha.

"Huu ni utando wa bibi yangu," alisema. "Wakati wa vita aliuficha kwenye mtungi chini ya kitanda. Ulipomimina kutoka juu umeuzamisha."

"Lakini ni uchafu tu unaoelea, Mama!"

"Uchafu! Humo wamo bakteria, na ndio wanaotengeneza siki. Wanachukua kileo cha divai, wanakiunguza kwa hewa, kinageuka siki. Wanapumua, Gaëtan. Hewa ikikatika kazi imekatika, na ikikatika sana wanakufa. Ndiyo maana wanakaa juu, tumbo kwenye divai, pua kwenye hewa. Wewe umewazamisha, ukawafungia mlango!"

Gaëtan akaanza kung'oa vizibo vilivyobaki.

Odile hakukata tamaa hapohapo. Alichota kidogo kutoka kila pipa akamimina kwenye mabakuli manane mapana, akayafunika kwa kitambaa chepesi, akayapanga jikoni karibu na jiko ambako kuna joto. Kama bakteria walibaki wazima, wangepata hewa na kufuma utando mpya. Akasubiri. Alikuwa akiinua vitambaa asubuhi, mchana na jioni, mpaka binti yake Clotilde akamwambia aviache vipumzike.

Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Walikula kuku bila mtu kusifia kuku. Odile aliinua vitambaa kimoja baada ya kingine mbele yao. Divai tupu, tulivu, haina hata utando mwembamba kama wa maziwa juu yake.

"Imekwisha," alisema. "Nitanunua utando wa watu. Utatengeneza siki, ndiyo. Ya watu."

Gaëtan aliinuka ghafla, kiti kikaanguka. Akatoka bila koti, wakasikia gari likiondoka kwa kasi. Clotilde alilia, akidhani mumewe amekimbilia kwao Vouvray.

Baada ya nusu saa Gaëtan alirudi kutoka nyumba yake na Clotilde, amekumbatia mtungi wa udongo, mdomo wa mtungi umefungwa leso. Odile aliutambua. Katika familia yao binti akiolewa hupewa kipande cha utando, na Clotilde alipewa chake. Gaëtan aliucheka mbele ya wageni wote, Clotilde akauficha stoo kwa aibu akausahau, na Odile akadhani ulitupwa.

"Nauitaga chura wenu," alisema, akihema. "Kila Jumapili namtupia divai iliyobaki kwenye glasi yangu. Mzaha tu, Mama."

Odile alifungua leso. Mtungi ulikuwa nusu tupu, na juu ya divai ulilala utando mzima, mweupe, haujatoboka. Siki ilimpiga puani. Alilia waziwazi.

Gaëtan aliingiza mkono mfukoni akatoa kizibo kipya cha gome, akakiweka mezani kana kwamba kinamchoma.

"Nilikinunua siku moja kabla hujarudi. Nilikuwa nimeamua kuujaza na huu, niuzibe kesho yake, nyumba isinuke; ukarudi wewe kwanza."

Odile alikitazama kizibo, akakiokota, akakitupa motoni.

"Sasa chukua keekee," alimwambia. "Twende ukatoboe mapipa matundu mengine ya hewa."