Mita Haina Shemeji

Mama Dirisha, jirani wa ukuta kwa ukuta, anasema aliamka kunywa maji akaona kwa macho yake mawili. Anasema shemeji mtu alikuwa amejilaza kwenye kiti cha mbele cha gari la watu, miguu juu ya dashibodi, taa ya ndani inawaka kama kuna harusi, redio inaimba. Alipoisimulia mara ya kwanza, pale getini, redio iliimba nusu ya usiku. Aliporudia kwa mwenye gari, ilikuwa imeimba mpaka jogoo wa kwanza. Mtu angempa nafasi ya tatu, redio ingeimba mpaka Jumapili.

Mwenye gari, ambaye wateja wake wa teksi walimpachika jina la Mapema, hakuhitaji mara ya tatu. Tangu alfajiri alikuwa anazungusha ufunguo na gari linamjibu ta-ta-ta-ta, kama mtu anayetetemeka meno kwa baridi. Taa za dashibodi zinawaka, akizungusha zinafifia, kisha ta-ta-ta tena. Simu ilikuwa inalia mfukoni. Mteja wa kwanza, wa pili, wa kwanza tena.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "umekula chakula changu nikanyamaza. Sasa unakula na moto wa gari langu?"

Shemeji huyo, kaka wa mke wake, alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Ni mtu mzima, mkubwa kwa Mapema kwa umri, aliyekuja kukaa kwa dada yake baada ya kiwanda alichokilinda kufungwa. Miaka ya ulinzi ilikuwa imemharibia usingizi wa usiku, kila mtu nyumbani alilijua hilo.

"Nilikaa humo," alisema. "Sikatai. Nikasikiliza taarifa ya habari, ikaisha, nikazima, nikafunga mlango. Nikaenda kulala."

"Gari limezimikaje, sasa? Limejizima lenyewe kwa aibu?"

Mama Pacha, mke wa Mapema, alikuwa katikati yao, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ameng'ang'ania gauni. Alimtazama mumewe, akamtazama kaka yake. Kama alikaa, alikaa. Kama jirani aliona, aliona.

Kaka alisukutua kinywa, akaingia ndani, akatoka na begi.

"Kaka, subiri basi. Fundi anakuja."

"Fundi anakuja kutengeneza gari, mdogo wangu. Mimi sijaharibika." Akatoka getini kuelekea stendi. Mama Pacha alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Basi la kwao halina saa. Likijaa linaondoka, na asubuhi hujaa haraka.

Kuanzia hapo hakukalika. Aliweka chai jikoni akaisahau ikachemka hadi ikamwagika. Alitoka uani, akarudi, akatoka tena. Alimpigia kaka simu, ikaita mpaka ikachoka. Mapema naye alizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia, akipiga tairi teke, akijibu wateja, "Niko njiani, niko njiani," huku amesimama palepale.

Fundi Waya alikuja na mfuko begani na betri yake mwenyewe kwenye kitoroli. Hakusalimia gari kwanza. Alisalimia watoto, kisha watu wazima.

"Stata imekufa," Mapema alimwambia. "Au shemeji ameniulia betri."

"Tusitaje marehemu kabla ya kuona maiti," alisema Fundi, akafungua boneti.

Alitikisa vibanio vya nyaya juu ya betri: vimekaza, havina ukungu mweupe. Akamwambia Mapema awashe taa kubwa kwa dakika moja ili chaji ya juujuu iishe, azime, watulie kidogo. Kisha akatoa mita, kidubwasha cha manjano chenye nyaya mbili, akakigeuza kwenye volti za betri. Ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya, nyeusi kwenye hasi. Aligusa kichwa chenyewe cha madini ya risasi, sio kibanio kilichokifunga.

Mama Pacha alisogea. Mtoto wa mgongoni alichungulia kama naye anasoma.

"Kumi na mbili nukta nne," Fundi alisema. "Haijajaa kabisa, ila sio njaa."

"Sasa?" Mapema aliuliza.

"Sasa kama mtu angeacha redio na taa usiku kucha, na betri chakavu hivi, hapa ningesoma kumi na moja na ushee, au chini yake. Hii haikunyonywa. Zungusha ufunguo, usiachie haraka."

Ta-ta-ta-ta. Namba kwenye mita zilianguka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Kumi. Nane. Sita na nusu. Alipoachia, zikapanda tena taratibu mpaka kumi na mbili, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeona? Wakati wa kuwasha isishuke chini ya tisa na nusu hivi. Hii ikiwa haina mzigo inasimama wima. Ukiitwisha stata, magoti yanakunjika. Imezeeka ndani." Fundi alifuta mikono. "Na betri ya namna hii mara nyingi hutoa taarifa mapema. Imeanza lini?"

"Leo," alisema Mapema.

"Leo tu? Hujawahi kuisukuma? Hujawahi kuishusha mteremkoni?"

Mapema alipangusa shingo. Hakukuwa na jasho.

Mama Pacha alitazama juu, upande wa kwa kinyozi. Kwa wiki kadhaa sasa mumewe alikuwa haegeshi uani. Aliegesha kule juu, mbele ya kinyozi, pua ya gari ikitazama bondeni. Asubuhi yeye, amelala na watoto, alisikia matairi tu yakipita kimya, na injini ikishika huko chini, mbali na dirisha. Alidhani mume anawaonea huruma pacha wasiamke. Alimpenda kwa jambo hilo. Aliwahi hata kumsifia kwa dada zake. Jana lori lilimwaga kokoto mbele ya kinyozi, ndipo gari likalala uani, mahali tambarare.

"Ulikuwa unaliachia mteremkoni," alisema.

"Mama Pacha, haya ni mambo ya gari."

"Gia ya pili, unaachia klachi, linashika. Kila siku. Ulijua."

"Nilijua imechoka kidogo! Sikujua itakufa leo!"

Ukutani, dirisha la jirani lilifungwa polepole.

Fundi alijifanya hajasikia. Aliunganisha nyaya nene: nyekundu chanya kwa chanya, nyeusi kutoka hasi ya betri yake hadi kwenye chuma cha injini, mbali na betri iliyochoka. Mapema akazungusha. Gari likawaka mara moja, kwa kelele za furaha. Fundi akatoa nyaya, akapima tena.

"Kumi na nne nukta mbili. Altaneta inachaji vizuri, haina kosa. Betri ndiyo ibadilishwe leo. Na mpaka ubadilishe, usizime popote."

Mapema alikuwa tayari amekaa kwenye usukani. Simu ililia, akaipokea, "Natoka sasa hivi, bosi, sasa hivi!" Akapiga honi afunguliwe geti.

Mama Pacha alilifikia geti kabla hajapiga ya pili. Hakulifungua. Aligusa komeo kuhakikisha limefungwa, akarudi hadi dirishani mwa gari, akainama. Injini ilinguruma kati yao.

"Pitia stendi," alisema. "Basi labda halijajaa. Simu yangu hapokei, na hata akipokea, sio mimi niliyemfukuza. Shuka, umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba haikuwa yeye. Baba Pacha. Utapitia?"

Mapema alitazama kipimo cha mafuta. Akatazama kioo cha pembeni. Simu ikaanza kulia tena, na mguu wake ukakanyaga mafuta kidogo, gari lisije likazima.