Kadi ya Choo ya Laini ya Saba

Kikao cha nidhamu kilikuwa saa nane kamili, na saa ya kantini ilishafika saa saba na robo. Malarvizhi, mkaguzi wa kiwanda cha nguo aliyewatafsiria wenzake, hakuwa ametia hata tonge mdomoni. Mbele yake ilikuwepo barua ya Tharshika ya kujitetea, kurasa mbili za Kitamil, na karatasi tupu ya kuihamishia kwenye Kisinhala. Bwana Weerakkody wa ofisi ya utumishi hasomi Kitamil hata cha kibao cha basi.

Tharshika, mshonaji wa laini ya saba, alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Msimamizi wake, Chandralatha, alimwandika daftarini kwamba Jumanne aliacha cherehani bila ruhusa. Barua isiposimama, jioni hii anafungasha virago arudi Kilinochchi, kaskazini, na kwao hakuna mwingine mwenye kazi.

"Dada Malar, umeshamaliza?" Tharshika akauliza toka upande wa pili wa meza.

"Nimalize nini? Hapa umeandika, 'Msimamizi ana roho ya nyoka, anafurahi kuniona nateseka.' Nikiipeleka hivi tumekwisha!"

Malar hakuwa akimtisha mtoto wa watu bure. Mwezi uliopita alimtafsiria msichana mwingine, akaandika, "Alikusudia kunidhalilisha." Bwana Weerakkody akauliza, kwani huyu anasoma mioyo ya watu? Barua nzima ikatupwa, ya kweli na ya kuhisi pamoja, na msichana akaenda zake. Tangu siku hiyo Malar halali vizuri, na haki yake asilale.

Akapiga mstari katikati ya karatasi. Juu, yaliyoonekana na kusikika. Chini, yaliyouma.

"'Roho ya nyoka' inakwenda chini, na tutasema ndivyo unavyohisi. Sasa niambie, alifanya nini?"

"Alininyima kadi."

Hapo Malar hakuhitaji maelezo. Washonaji arobaini, kadi mbili za choo, zote zinaning'inia shingoni kwa msimamizi. Bila kadi huinuki.

"Mara ngapi? Saa ngapi?"

"Mara tatu. Kabla idadi ya nguo ya saa ya tatu haijaandikwa ubaoni, na baada. Alisema, 'Timiza idadi kwanza.' Sulochana wa cherehani ya pembeni alisikia."

"Kisha?"

Tharshika akainamia sahani yake. "Kisha mimi si mtu tena. Si nimeandika?"

"Hayo ni ya chini, mdogo wangu. Ya juu ni nini?"

Kengele ya kubakiza dakika kumi ikalia. Mwishowe msichana akasema kwa sauti ndogo, "Nililowa. Kitini. Nikakimbilia bwenini kubadili nguo. Mama wa usafi ndiye aliyepiga deki."

Ee Mungu! Ndiyo sababu aliondoka, na haimo katika kurasa zote mbili. Mkono wa Malar ulishaanza kuandika, akauzuia.

"Haimo kwenye barua. Siwezi kukuongezea neno. Ukitaka iwemo, iandike wewe, kwa mkono wako, na utie sahihi. Lakini ujue itasomwa mbele ya watu."

Tharshika alimtazama kwa hasira hasa, kana kwamba yeye ndiye aliyemnyima kadi. Kisha akachukua kalamu. Mstari mmoja, siku na saa, na sahihi iliyopinda.

Kikaoni, kama ilivyo desturi, mkalimani husoma kwa "mimi". Malar akasimama, karatasi mkononi.

"Jumanne niliomba kadi mara tatu, nikakataliwa mara tatu. Saa nne na dakika ishirini nililowa kwenye kiti changu."

Macho yote yakamgeukia yeye. Alisikia uso ukimwaka, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane. Chandralatha akacheka puani. "Wasichana hawa wa kaskazini, machozi tu! Kila kitu hisia."

Bwana Weerakkody hakucheka. Alifungua daftari la Chandralatha mwenyewe: *ameondoka, saa nne na dakika ishirini na mbili.* Akaagiza Sulochana na mama wa usafi waitwe, na barua ya kufukuza isubiri. "Ukweli nimeupata," akasema, akiuona mstari uliokata karatasi ya Malar. "Hayo ya chini yaache."

"Yameandikwa, bwana, nayasoma," Malar akasema, na mwenyewe akashangaa kujisikia. "Ninavyohisi: naona haya kuwatazama wenzangu. Naogopa kunywa maji kazini. Tangu siku hiyo sinywi mpaka jioni."

Sauti ikamkatika hapo hapo.

"Haya ni ya nani?" Chandralatha akafoka. "Yake au yako?"

Malar alifanya kazi laini ya saba miaka tisa kabla ya kuhamishiwa ukaguzi. Aliikunja karatasi taratibu.

"Ni ya Tharshika," akasema. "Mimi yangu sikuandika."